Mtoto Anaamka Mara Tano Usiku: Ana Tatizo, au Ndivyo Alivyo?

Swali hili limeletwa na wasomaji wengi wa Kahama, Kakola na Geita, kwa maneno yanayokaribiana. Mtoto ana miezi sita au saba. Analala kitanda kimoja na mama yake, na kila baada ya saa mbili anaamka, anatafuta ziwa, ananyonya kidogo na kulala tena. Mama amesoma kwenye simu kwamba mtoto wa umri huo anatakiwa kulala usiku kucha, tena kwenye kitanda chake. Mama mkwe anamwambia watoto wote wa nyumba hii walilelewa hivyohivyo. Mama anabaki katikati na kuuliza: nimsikilize nani?

Kwa watoto wengi wanaolala hivi, hakuna ugonjwa wala kasoro. Kinachowafanya waonekane na tatizo ni kipimo kilichotoka kwenye nyumba za aina nyingine. Lakini nisieleweke vibaya. Wapo watoto ambao kuamka kwao ni dalili ya kitu, wapo akina mama wanaoumia kwa kukosa usingizi, na vipo vitanda vyetu vya hatari. Makala hii ni ya kukusaidia kutofautisha mambo hayo matatu ukiwa nyumbani kwako.

Kipimo cha "kulala usiku kucha" kilitoka wapi

Mwaka 1957 watafiti wawili wa London, Moore na Ucko, walichapisha utafiti kuhusu vichanga wanaoamka usiku. Walichukulia kuwa mtoto "ametulia" kama halii wala hasumbui kuanzia saa 6 usiku hadi saa 11 alfajiri. Waliona kwamba takriban asilimia 70 ya watoto walikuwa wametulia kwa kipimo hicho walipofikisha miezi mitatu. Saa tano hizo zikaingia kwenye vitabu vya malezi, na vitabu vikavuka bahari. Lakini angalia kilichopimwa: mtoto ambaye wazazi hawakumsikia. Katika nyumba ambayo mtoto yuko kwenye kitanda chake na wazazi wako kwao, anaweza kufumbua macho, akacheza na vidole vyake, akalala tena, na asubuhi wakasema amelala moja kwa moja. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mtafiti Mmarekani Thomas Anders aliwarekodi vichanga usiku kwa kamera, na picha zikaonyesha kwamba hata wale wanaosemwa hawaamki huwa wanaamka.

Wewe unayelala na mtoto ubavuni unajua kila mara anapojigeuza. Ukilinganisha hesabu yako na ya mama aliye nyuma ya mlango, wako ataonekana mgonjwa kila siku.

Tuna mfano wa karibu zaidi na sisi. Miaka ya 1970, Charles Super na Sara Harkness waliishi Kokwet, kijiji cha wakulima Wakipsigis magharibi mwa Kenya, wakafuatilia usingizi wa vichanga wa pale na kuulinganisha na wa watoto wa Marekani. Mtoto wa Kokwet alishinda mgongoni kwa mama au dada yake, na usiku alilala na mama na kunyonya kila alipotaka. Wale wa Marekani walipofikisha miezi minne walikuwa wakilala kama saa nane mfululizo. Wa Kokwet walifika miezi minane na usingizi wao wa mfululizo ukawa bado ni wa saa tatu au nne hivi. Kwa siku nzima pia walilala kidogo kuliko wenzao: wakiwa na miezi minne, kama saa 12, na wa Marekani kama saa 15. Kokwet hakuna aliyempeleka mtoto kwa mganga kwa sababu hiyo. Hakuna aliyelazimika kuamka mapema kumwacha mtoto na kuwahi ofisini, na mtoto aliyeamka alinyonya bila mama kuinuka.

Utafiti mwingine unafaa kukumbukwa. Mwaka 2010 Jodi Mindell na wenzake walichapisha majibu ya wazazi wa watoto 29,287 wa chini ya miaka mitatu, kutoka nchi na maeneo 17 ya Asia, Ulaya, Amerika ya Kaskazini na Oseania. Hapakuwa na nchi ya Afrika hata moja. Wazazi waliulizwa kama mtoto wao ana tatizo la usingizi. Thailandi waliosema ndiyo walikuwa asilimia 11, China asilimia 76. Katika nchi zote mbili ni kawaida kabisa mtoto kulala chumba kimoja na wazazi, au hata kitanda kimoja. Kwa hiyo mahali pa kulala pekee hapaamui. Kinachoamua pia ni matarajio ya mzazi na kazi inayomsubiri asubuhi.

Anza na karatasi, si na dawa

Kabla hujamwambia mtu yeyote kwamba mtoto halali, andika. Usiku mama mchovu huhesabu vibaya, na si kosa lake. Chukua daftari la mtoto wa shule, fuata hivi kwa siku tano mfululizo:

1. Andika saa aliyosinzia mtoto usiku na saa aliyoamka moja kwa moja asubuhi.
2. Kila akiamka usiku, chora mstari mmoja. Usiwashe taa kwa ajili hiyo. Kando ya mstari andika "K" kama alilala tena baada ya muda kidogo wa kunyonya, na "N" kama alikaa macho zaidi ya nusu saa.
3. Andika kila usingizi wa mchana, ukiwamo wa mgongoni. Huu ndio unaosahaulika kuliko yote. Mtoto akisinzia kwenye mbeleko wakati unapepeta mchele, amelala.
4. Andika mchana alinyonya mara ngapi na alikula nini.
5. Andika wewe mwenyewe uliamka ukiwaje. Neno moja linatosha: mzima, mchovu, hoi.

Tuchukue mfano wa mama wa Nyasubi mwenye mtoto wa miezi saba, anayeishi chumba na sebule na mumewe. Mtoto anasinzia saa 3 usiku na kuamka saa 12 asubuhi, yaani saa tisa. Katikati anaamka mara tano, kila mara dakika sita hivi za kunyonya, jumla nusu saa. Zinabaki saa nane na nusu. Mchana analala kitandani saa moja na nusu. Mama anajumlisha na kupata saa kumi, anaogopa, kwa sababu Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wa 2019 linasema mtoto wa miezi minne hadi kumi na moja alale saa 12 hadi 16 kwa siku.

Lakini daftari linasema zaidi. Asubuhi mtoto alisinzia mgongoni saa nzima mama akiwa sokoni, na jioni saa nyingine mgongoni kwa dada yake. Jumla inakuwa saa 12. Mtoto yumo ndani ya mwongozo.

Sasa mpime kwa kipimo cha watafiti wenyewe. Avi Sadeh alitunga mwaka 2004 dodoso fupi la usingizi wa vichanga linalotumika sehemu nyingi duniani. Kwa dodoso hilo, mtoto anahesabiwa kuwa na usingizi mbaya akiamka zaidi ya mara tatu kwa usiku, au akikaa macho zaidi ya saa moja usiku, au akilala chini ya saa tisa kwa siku nzima. Mtoto wetu anaangukia la kwanza tu. Usiku amekaa macho nusu saa, na usingizi wa siku nzima ni saa 12. Mtu anayeangalia idadi ya kuamka pekee atampa jina la tatizo. Anayeangalia muda wa kukaa macho ataona mtoto anayenyonya usiku na kulala tena.

Kosa la kawaida hapa ni kuandika usiku ule mbaya tu. Usiku mmoja wa mafua au wa jino linalotoka haumwelezi mtoto.

Soma daftari lako: tatizo ni la nani?

Siku tano zikiisha, fungua kadi ya kliniki uiweke kando ya daftari. Utakuta hali mojawapo kati ya hizi.

*Mtoto anaamka sana, mistari mingi ni "K", uzito unapanda kwenye kadi, mchana anacheza, na wewe uko sawa.* Hakuna cha kutibu. Anayekwambia umhamishe anazungumzia nyumba yake.

*Mtoto yuko hivyohivyo, ila wewe ni hoi.* Hapa tatizo lipo, na ni la mama. Usilipuuze kwa sababu mtoto ni mzima. Mama anayeamka saa 10 alfajiri kuwahi mnadani, au ambaye mumewe anaingia zamu ya usiku mgodini na kumwachia watoto wote, anastahili msaada kama mgonjwa anavyostahili. Hatua ziko hapa chini. Ukiona una huzuni isiyoisha, unalia bila sababu, au huwezi kulala hata mtoto anapolala, mwambie muuguzi wa kliniki waziwazi. Hiyo si tabia ya mtoto tena.

*Mistari mingi ni "N", mtoto anakaa macho akilia, au uzito umesimama.* Huyu anapimwa. Sababu zinaweza kuwa sikio, kifua, kukosa maziwa ya kutosha au upungufu wa damu. Kanda yetu ya Ziwa ina watoto wengi wenye selimundu, na kwa mtoto mdogo maumivu yake huweza kuanza kwa kuvimba vidole vya mikono na miguu. Mtoto anayelia kila usiku ukimgusa viganja, mpeleke akapimwe damu.

Kwa nini anaongeza kunyonya usiku: sababu moja inayosahaulika

Mama akirudi kwenye biashara mtoto akiwa na miezi minne au mitano, mara nyingi mtoto hunyonya kidogo mchana na kufidia usiku. Mama anaona mtoto "ameharibika usingizi", kumbe mtoto amehamishia mlo wake kwenye saa ambazo mama yupo. Daftari litakuonyesha: mchana alinyonya mara mbili au tatu tu.

Dawa yake iko mchana:

- Nyonyesha kabla hujatoka na mara tu ukirudi, kabla hujashika sufuria.
- Ukiweza kurudi nyumbani mchana, au dada akuletee mtoto sokoni, fanya hivyo.
- Kamua maziwa kwenye kikombe safi chenye kifuniko, yawekwe mahali pa baridi, atumie ndani ya saa nne. Apewe kwa kikombe au kijiko. Chupa ni ngumu kuisafisha vizuri na inaleta kuhara.
- Kama ana miezi sita na zaidi, chakula cha jioni kiwe chakula kweli: uji mzito wenye karanga zilizosagwa laini, au viazi vilivyopondwa na dagaa waliosagwa au yai. Uji mwepesi kama maji unajaza tumbo kwa saa moja tu.

Mtoto wa chini ya miezi sita usimpunguzie kunyonya usiku kwa makusudi. Anahitaji maziwa hayo, na mwili wako unahitaji anyonye ili uendelee kuyatengeneza.

Kama unataka apunguze kuamka, bila kumhamisha

Hatua hizi ni za mtoto aliyetimiza miezi sita, mwenye afya, na mama aliyechoka. Huhitaji chumba cha pili wala kumwacha alie.

1. Chagua *kunyonya kumoja* tu kwa kuanzia, kule ambako daftari linaonyesha mtoto hanyonyi hasa, anashika ziwa tu. Mara nyingi ni kule kunakokuja muda mfupi baada ya kwingine.
2. Wakati huo ukifika, subiri kidogo kwanza. Watoto hulalamika wakiwa bado usingizini. Ukimwinua kila anapoguna, wewe ndiye unayemwamsha.
3. Akiendelea, mpapase, mwimbie kwa sauti ya chini, au baba amchukue kifuani. Baba hana harufu ya maziwa, na hilo linasaidia.
4. Akilia kweli, mnyonyeshe. Kesho jaribu tena. Mpe wiki nzima kabla hujaamua kwamba haiwezekani.
5. Jioni, mnyonyeshe mapema kidogo na umlaze akiwa amelegea lakini hajazama usingizini, angalau mara moja kwa siku. Anayezoea kusinzia akiwa na ziwa mdomoni atalitafuta kila akishtuka.

Tatizo la hatua hizi ni nyumba yenye watu wengi. Usiku wa tatu mtoto akilia, jirani wa chumba cha pili atagonga ukuta na bibi atasema mpe ziwa. Waambie mapema unachofanya na kwa siku ngapi. Bibi akielewa kwamba humnyimi mtoto, mara nyingi ndiye atakayembeba vizuri kuliko wote.

Kitanda: hapa ndipo penye hatari kweli

Nimesema mtoto kulala na mama si ugonjwa. Sijasema kila kitanda ni salama. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani, katika mwongozo wake wa 2022, kinashauri mtoto alale chumba kimoja na wazazi kwa angalau miezi sita ya kwanza, ila kwenye sehemu yake mwenyewe, kwa sababu ya vifo vya ghafla vya vichanga na kukosa hewa. Nyumba zetu nyingi tayari zinatimiza nusu ya kwanza. Nusu ya pili ni ya kufikiria kwa makini, maana wengi hatuna kitanda cha pili wala neti ya pili.

Kuna hali ambazo mtoto *asilale kitanda kimoja* na mtu mzima hata usiku mmoja:

- Mmoja wenu amekunywa pombe, iwe bia, komoni au gongo, au amemeza dawa ya kusinzisha. Baba akirudi amelewa, alale sebuleni, na asibishane.
- Mmoja wenu anavuta sigara, au mama alivuta akiwa mjamzito.
- Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, au chini ya kilo 2.5.
- Mnalala kwenye kochi. Kusinzia na mtoto kwenye kochi ni hatari kuliko kitandani, kwa sababu anateleza kwenye pengo la mito na kukosa hewa. Ukihisi usingizi unakuchukua ukinyonyesha kwenye kochi, nenda kitandani.

Katika hali hizo mtoto alale mkeka wenye godoro jembamba gumu, kando ya kitanda chako, ndani ya neti. Mkono wako utamfikia.

Kama hakuna hata moja kati ya hizo na umeamua kulala naye, panga kitanda hivi. Mlaze chali kila anapolala, usiku na mchana, hadi atimize mwaka. Akijigeuza mwenyewe, mwache. Godoro lisiwe sponji lililokwisha katikati, kwa sababu mtoto anabingirika na kuangukia ulipolala wewe. Ondoa mito na blanketi zito upande wake. Mvalishe nguo ya kutosha badala ya kumfunika hadi kichwani. Mtoto awe upande wa mama, si katikati ya wazazi, na kaka yake wa miaka mitatu asilale akimgusa. Kitanda kinachosukumwa ukutani huacha pengo. Pima kwa mkono wako: kama kiganja kinapita, mtoto anaweza kubanwa, kwa hiyo kisukume hadi kibane kabisa, au kivute mbali na ukuta na uishushe chaga karibu na sakafu.

Kuhusu neti, nina neno kali. Shinyanga na Geita ni mikoa yenye malaria nyingi. Nimeona ushauri wa kumnunulia mtoto kitanda chake, na mama anatumia akiba yake yote, kisha mtoto analazwa humo bila neti kwa sababu neti ya kliniki imefungwa juu ya kitanda kikubwa. Hapo umemtoa kwenye hatari moja ukamtia kwenye nyingine. Mtoto haondoki chini ya neti yenye dawa hadi awe na yake. Mjamzito hupewa neti anapoanza kliniki, na mtoto hupewa anapoletwa kwa chanjo ya surua ya miezi tisa. Uliza kama hukupewa. Neti ichomekwe chini ya godoro pande zote, na mkono wa mtoto usilale ukigusa wavu, mbu humng'ata kupitia hapo.

Mambo mawili ya mwisho ya chumbani. Usilale na jiko la mkaa ndani, hata kwa kumpasha joto mtoto aliyezaliwa juzi. Moshi usioonekana wa mkaa unaua watu wote wakiwa usingizini. Na kwenu mnaochimba: dhahabu yenye zebaki isichomwe ndani ya nyumba wala karibu na dirisha, na nguo za duarani zisitundikwe chumba anacholala mtoto. Mvuke wa zebaki ni sumu kwa ubongo wake, na miongoni mwa dalili zake ni kukasirika ovyo na kukosa usingizi.

Mnayoniuliza nikishasema haya

*"Si nitamdekeza?"* Mtoto wa miezi saba hajui kudeka. Anajua njaa, baridi na upweke. Atatoka kitandani kwako siku yake ikifika, na kwa nyumba zetu siku hiyo mara nyingi ni mdogo wake anapozaliwa. Mwandalie mapema, akiwa na mwaka na nusu au zaidi, alale na bibi au dada, ili asione kwamba mdogo wake ndiye aliyemfukuza.

*"Mbona watu wazima wa zamani walilala vizuri?"* Hawakulala moja kwa moja. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi walifuatiliwa na David Samson na wenzake kwa vifaa vya mkononi. Watu wazima 33, siku 20, na muda ambao wote walikuwa wamelala kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu. Wengine waliamka kuota moto, kunyonyesha, kusikiliza. Kuamka usiku si jambo jipya.

*"Na mimi baba nilale wapi?"* Sema na mke wako mchana, si saa 7 usiku. Kuna nyumba ambazo baba analala mkekani kwa miezi michache, kuna nyumba ambazo mtoto anaanza usiku kwenye mkeka na kuingia kitandani alfajiri. Yote yanafaa, alimradi kitanda ni salama.

Usimpe hivi ili alale

Piriton na dawa nyingine za mafua zinazosinzisha si dawa za usingizi wa mtoto. Promethazini, ile sirapu tamu inayouzwa duka la dawa bila kuulizwa umri, haifai kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka miwili. Inaweza kuzuia pumzi. Pombe kwenye kitambaa, hata kidogo, hapana. Na mtu akikwambia mtoto analia usiku kwa sababu ana "meno ya plastiki", usimruhusu amguse fizi. Yale ni meno ya kawaida yaliyo chini ya fizi. Kuyachokonoa kunaleta damu nyingi, usaha na hata kifo, na mtoto anabaki na ugonjwa wake uleule wa mwanzo, ambao mara nyingi ni homa au kuhara.

Usisubiri kukuche

Beba mtoto usiku huohuo, kwenye kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Manispaa ya Kahama, ukiona:

- hawezi kunyonya, au anatapika kila kitu;
- amepata degedege;
- amelegea na ni vigumu kumwamsha, hata kama unadhani "leo amelala vizuri";
- anapumua haraka akiwa ametulia: mara 60 au zaidi kwa dakika kama hajatimiza miezi miwili, mara 50 au zaidi kama ana miezi miwili hadi mwaka; hesabu dakika nzima kwa saa ya simu;
- ana homa, hasa akiwa chini ya miezi miwili.

Ukienda kliniki ya kawaida, nenda na daftari. Muuguzi akikuuliza mtoto analalaje, usijibu "halali". Mwambie analala wapi, na nani, chini ya neti ipi, anaamka mara ngapi, anakaa macho muda gani, na kunyonya mchana kukoje. Kwa majibu hayo sita atajua kama mtoto wako apimwe, au wewe ndiye usaidiwe upumzike.